Kitanda cha Mninga, Dawati la Shule na Cha Juu Kinachotokana na Mtaji

Ukiuliza kwenye karakana za samani bei ya kitanda inapatikanaje, jibu huwa fupi. Fundi anajumlisha mbao, vanishi, gundi, skrubu na ujira wa siku alizokifanyia kazi, anaongeza kidogo cha pango na umeme, halafu anaweka cha juu. Cha juu chenyewe ni asilimia iliyozoeleka. Huyu anaweka 20, yule 30, na ukitaka kujua kwa nini si 12 wala 40, utaambiwa kwamba ndivyo watu wanavyofanya siku zote.

Wala si mafundi wetu peke yao. Mwaka 1939 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Oksfodi, R. L. Hall na C. J. Hitch, walichapisha utafiti wa mahojiano na wafanyabiashara 38 wa Uingereza kuhusu jinsi wanavyopanga bei. Vitabu vya uchumi vya wakati ule vilifundisha kwamba mfanyabiashara hupima mapato na gharama ya kila bidhaa moja ya ziada. Wengi wa wale waliohojiwa hawakufanya hivyo hata kidogo. Walijumlisha gharama yote, wakaongeza nyongeza ya kawaida, na bei ikawa hiyo.

Njia hii ina heshima yake. Ni rahisi, haihitaji kujua mteja anawaza nini, na ni vigumu kumkasirisha mtu ukimwonyesha kwamba unauza kwa gharama pamoja na kitu kidogo juu yake. Shida yake iko mahali pamoja tu, nako ni kwenye ile asilimia. Gharama ya kitanda inaeleza pesa iliyotumika. Haielezi pesa hiyo ilikaa ndani kwa muda gani kabla ya kurudi mfukoni, wala pesa nyingine kiasi gani ilibidi ilale kwenye mashine, kwenye rundo la mbao na kwenye madeni ili kitanda hicho kipatikane. Bidhaa mbili zinaweza kuwa na gharama sawa kabisa, moja ikawa imefunga mtaji mara tano ya nyingine. Ukiziwekea cha juu kimoja, umezipa mshahara mmoja kwa kazi mbili zisizolingana.

Tuchukue karakana moja ya mfano, tuiweke Keko, Dar es Salaam, mtaa unaojulikana kwa samani. Takwimu zake nimezichagua ziwe nyepesi kukokotoa, lakini umbo lake ni la karakana halisi. Mwenyewe ni mama anayesimamia mafundi na vibarua, na anatengeneza vitu viwili. Cha kwanza ni vitanda vya mninga, mti mgumu unaotoka mikoa kama Tabora na Katavi. Cha pili ni madawati ya shule ya mbao za paina kutoka mashamba ya Sao Hill huko Mufindi, na hayo huyafanya kwa oda tu.

Kwa mwaka anatengeneza vitanda 100, na kila kimoja kinamgharimu shilingi 500,000, yaani 50,000,000 kwa vyote. Madawati ni 1,000, kila moja 70,000, jumla 70,000,000. Ndani ya gharama hizi kuna kila kitu: mbao na vifaa, ujira, pango, umeme, usafiri, uchakavu wa mashine, na mshahara wa mwenyewe anayesimamia. Huo mshahara wake naukazia kwa sababu ndio unaosahaulika zaidi. Usipouingiza, faida utakayoiona mwisho wa mwaka itakuwa nusu faida na nusu jasho lako mwenyewe lisilolipwa.

Anaweka cha juu cha asilimia 20 kwa vyote. Kitanda kinauzwa 600,000 na dawati 84,000. Vyote vikiuzwa, vitanda vinaleta faida ya milioni 10 na madawati milioni 14, jumla milioni 24 juu ya gharama ya milioni 120. Kwa hesabu ya daftari la kawaida, mambo ni mazuri na kila bidhaa inachangia kwa uwiano uleule.

Sasa tuhesabu mtaji, yaani pesa yote iliyofungwa ndani ya biashara kwa wastani wa siku yoyote ya mwaka. Tuanze na vitanda. Randa, msumeno wa duara na mashine nyingine za karakana zina thamani ya milioni 30, na ukigawa kwa saa zinazotumika, milioni 18 ni za vitanda. Mninga haufanyiwi kazi ukiwa mbichi. Kitanda cha mbao isiyokauka hupinda, hupasuka kwenye maungio, na hurudishwa na mteja mwenye hasira. Kwa hiyo mbao zinapangwa kivulini kwa vipandikizi katikati, upepo upite, na zinakaa miezi. Kwa wastani kuna mbao za milioni 16 zinazosubiri kukauka. Vitanda ambavyo havijakamilika vimeshika milioni 4. Vilivyopangwa dukani mbele vikingoja mnunuzi ni vya milioni 14, maana mnunuzi wa kitanda hutaka kukiona, kukigusa na kukitikisa kabla hajatoa pesa. Wanaolipa kwa awamu wanadaiwa milioni 6, na pesa taslimu ya kuendeshea ni milioni 2. Jumla ni milioni 60.

Madawati yana sura nyingine kabisa. Sehemu yake ya mashine ni milioni 12. Paina huletwa oda ikishaingia, hivyo mbao zilizopo stoo ni za milioni 3. Kazi inayoendelea ni milioni 3, madeni milioni 5, pesa ya kuendeshea milioni 2. Halafu kuna kitu kinachopunguza: shule hutoa malipo ya awali kabla kazi haijaanza, na kwa wastani pesa ya wateja iliyoko mikononi mwake ni milioni 5. Hiyo ni pesa ya watu inayomfanyia kazi, kwa hiyo inatolewa. Mtaji wa madawati unabaki milioni 20.

Weka faida juu ya mtaji, picha inageuka. Vitanda vimeleta milioni 10 kwa mtaji wa milioni 60, yaani asilimia 16.7. Madawati yameleta milioni 14 kwa mtaji wa milioni 20, yaani asilimia 70. Mkopo wa benki kwa biashara kama hii tuseme unatozwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Vitanda, basi, vinamfanyia kazi benki na kumbakizia mwenyewe chenji. Madawati nayo yana bei iliyonenepa kiasi kwamba jirani mwenye kalamu iliyochongoka zaidi anaweza kumnyang'anya kila zabuni. Asilimia ile moja ya 20 imekuwa ndogo mno upande huu na kubwa mno upande ule, na hakuna mahali kwenye daftari lake panapoonyesha hivyo.

Njia ya pili inaanzia upande wa pili. Haiulizi watu huweka ngapi. Inauliza kila shilingi iliyofungwa humu irudi na nini kwa mwaka, kisha inarudi nyuma hadi kwenye nyongeza. Mama huyu anaamua kwamba anataka asilimia 25. Namba hiyo haijashuka kutoka mbinguni. Ameangalia kwamba hati fungani za serikali za muda mrefu zinalipa zaidi ya asilimia 10 bila yeye kuvuta vumbi la mbao, benki inatoza 16, na samani ni biashara yenye hatari ya moto, wadaiwa sugu na mitindo inayobadilika. Akikumbuka pia kwamba kampuni hulipa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida, 25 kabla ya kodi inakuwa 17.5 baada ya kodi. Si tamaa.

Hesabu yenyewe ni mstari mmoja:

Nyongeza juu ya gharama = faida inayolengwa kwa mtaji × mtaji ÷ gharama ya mwaka

Kwa vitanda, asilimia 25 ya milioni 60 ni milioni 15. Gawa kwa gharama ya milioni 50, unapata asilimia 30. Bei ni 650,000. Kwa madawati, asilimia 25 ya milioni 20 ni milioni 5. Gawa kwa milioni 70, unapata asilimia 7 na kidogo. Bei ni 75,000. Bidhaa mbili, karakana moja, mwenye mali mmoja, lengo moja la faida, na vyote viwili vina haki ya cha juu chake: 30 kwa kimoja, 7 kwa kingine.

Unaweza kuifikia namba hiyohiyo kwa njia ya mzunguko, ambayo wachuuzi wanaielewa bila darasa. Mtaji wa madawati unazunguka mara tatu na nusu kwa mwaka, kwa maana ya gharama ya milioni 70 kwa mtaji wa milioni 20. Kila mzunguko ukileta asilimia 7 hivi, mwaka ukiisha umefika 25. Mtaji wa vitanda hauzunguki hata mara moja kamili, kwa hiyo mzunguko huo usiokamilika lazima ubebe mzigo wote. Ndiyo sababu muuza nyanya anaishi kwa cha juu chembamba na muuza dhahabu hawezi.

Aliyeiweka fikra hii kwenye mpangilio rasmi ni Mmarekani aitwaye Donaldson Brown. Akiwa katika kampuni ya kemikali ya Du Pont, miaka ya 1910, alionyesha kwamba faida kwa mtaji ni zao la vitu viwili: faida kwa kila mauzo, na idadi ya mara mtaji unavyozunguka. Du Pont ilipoingiza pesa nyingi katika kampuni ya magari ya General Motors, Brown alihamia huko mwaka 1921. Alikuta kampuni imetoka kuchomwa na mdororo wa 1920, wakati vitengo vyake vilipojaza maghala vipuri na malighafi huku wanunuzi wametoweka. Mwaka 1924 alichapisha makala kuhusu sera ya bei na udhibiti wa fedha, na humo bei ya gari ikawa inaanza na swali la mtaji.

Alichokiongeza Brown, na ambacho wengi wanaoiga hesabu ile hukiacha, ni namba ya kiwango cha kawaida cha uzalishaji. Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo njia zote mbili huvunjikia.

Rudi kwenye kitanda cha shilingi 500,000. Ndani yake, 350,000 ni mbao, vifaa na ujira unaolipwa kwa kila kitanda. Zile 150,000 ni sehemu ya pango, ulinzi, uchakavu na usimamizi, yaani gharama ya milioni 15 kwa mwaka ambayo ipo hata kama hakuna kitanda kilichotoka. Imegawanywa kwa vitanda 100. Tuseme mwaka mbaya umekuja na vimeuzwa 70. Milioni 15 ikigawanywa kwa 70 ni kama 214,000, na gharama ya kitanda inaruka hadi 564,000. Anayeweka asilimia 20 bila kufikiri atatangaza bei ya 677,000. Wateja wamepungua, naye amepandisha bei. Mwaka unaofuata atauza 50, gharama itapanda tena, na atazidi kupandisha mpaka afunge milango akiamini kwamba kila bei aliyoiweka ilikuwa ya haki.

Anayefuata lengo la mtaji kwa upofu huohuo atafanya vibaya zaidi. Atataka milioni 15 zake za faida zitoke kwenye vitanda 70, na akijumlisha gharama zote bei itafika karibu 779,000. Kosa hapa ni kuuliza swali la miaka mingi kwa kutumia mauzo ya mwaka mmoja.

General Motors walikokotoa gharama na bei kwa kiwango cha kawaida cha wastani wa asilimia 80 hivi ya uwezo wa viwanda, hata kama mwaka huu vilikuwa nusu tupu au vimejaa pomoni. Mwaka mzuri faida ilipita lengo, mwaka mbaya ilishuka chini yake, na wastani wa miaka ndio uliotakiwa kukaa kwenye namba. Kwa karakana yetu, kama vitanda 100 ndiyo wastani wa miaka kadhaa, bei inabaki 650,000. Akiuza 70, mapato ni milioni 45.5, gharama ni milioni 39.5, faida milioni 6, yaani asilimia 10 ya mtaji. Akiuza 120, faida ni milioni 21, yaani asilimia 35. Mwaka wa asilimia 10 unauma, lakini hauharibu bei.

Jinsi ya kujua kwamba kiwango chako cha kawaida ni ndoto? Angalia kama miaka mitatu mfululizo imekuwa chini yake. Mwaka mmoja ni bahati mbaya. Mitatu ni soko linakwambia kwamba ulinunua mashine kubwa kuliko kazi iliyopo, na hakuna asilimia ya nyongeza inayoweza kutibu hilo.

Mwaka 1958 mchumi Robert Lanzillotti alichapisha matokeo ya mahojiano na kampuni 20 kubwa za Marekani kuhusu malengo yao ya bei. General Motors walilenga asilimia 20 ya mtaji baada ya kodi. Alcoa, watengenezaji wa alumini, walilenga 10. Kampuni ya chuma ya U.S. Steel ilitaja 8. Mimi huitazama orodha ile kama ramani ya nguvu za soko kuliko ramani ya malengo. Kampuni inayoongoza soko lake inaweza kuamua faida kisha ikapanga bei. Fundi wa Keko mwenye majirani arobaini wanaouza kitanda kilekile anapewa bei na mtaa, na hesabu yake inamsaidia kwa namna nyingine, nitakayoifikia.

Kabla ya hapo, mitego miwili ya kupima mtaji, kwa sababu namba ya mtaji ikiwa mbovu, nyongeza yote inakuwa mbovu.

Wa kwanza ni mashine kuukuu. Tuseme randa na msumeno vilinunuliwa zamani, na vitabu vinaonyesha kwamba thamani iliyobaki kwa upande wa vitanda ni milioni 6 tu badala ya 18. Mtaji unashuka hadi milioni 48, faida inayotakiwa inakuwa milioni 12, na kitanda kinatoka 620,000. Hesabu inasema asilimia 25 imefikiwa, mwenyewe anatabasamu. Siku randa ikifa na mpya ikauzwa kwa bei ya leo, ndipo atakapogundua kwamba kwa miaka yote kila mteja aliondoka na punguzo la 30,000 ambalo hakuliomba. Kwa ajili ya kupanga bei, mashine ipimwe kwa gharama ya kupata nyingine ya hali kama yake leo. Thamani ya vitabuni waachiwe watu wa kodi.

Wa pili ni riba. Mama huyu, katika ule mtaji wa jumla wa milioni 80, ana mkopo wa milioni 20 kwa asilimia 16. Riba yake kwa mwaka ni milioni 3.2. Watu wengi huiingiza riba kwenye gharama, kisha huweka lengo la asilimia 25 juu ya mtaji wote, ule wa mkopo ukiwemo. Hapo mteja ametozwa mara mbili kwa pesa moja. Ama uhesabu mtaji wote bila kujali umetoka wapi, na riba ilipwe kutoka kwenye faida, ama uhesabu mtaji wako mwenyewe tu na riba uiweke kwenye gharama. Napendelea njia ya kwanza, kwa sababu mbao zinazokauka kivulini hazijui kama zimenunuliwa kwa pesa ya benki au ya urithi.

Mahali ambapo hesabu hii inalipa haraka zaidi ni kwenye masharti ya malipo. Fikiria mazungumzo haya, ambayo mtu yeyote anayeuzia taasisi ameyasikia.

"Fundi, madawati ni ya halmashauri. Malipo ya awali hakuna, na hundi itatoka baada ya miezi minne hivi."

"Sawa, Mwalimu, lakini bei ya 75,000 ni ya shule inayotanguliza pesa."

"Kwani dawati si lilelile?"

Dawati ni lilelile, mbao zilezile, misumari ileile, na mtu wa gharama na nyongeza hana la kujibu hapo. Gharama haijabadilika. Lakini mtaji umebadilika sana. Mauzo ya mwaka ni milioni 75, na theluthi moja ya mwaka ikiwa haijalipwa, madeni yanapanda kutoka milioni 5 hadi 25. Zile milioni 5 za malipo ya awali nazo zimeondoka. Mtaji wa madawati unatoka milioni 20 hadi 45. Asilimia 25 ya hiyo ni milioni 11.25, nyongeza inapanda kutoka 7 hadi 16, na dawati sasa ni 81,250. Kungoja miezi minne kuna thamani ya shilingi 6,250 kwa kila dawati. Akishakuwa na namba hiyo, anaweza kumwambia mwalimu mkuu bila kuona haya, au akaamua kumpunguzia akijua hasa anachopunguza.

Jambo hilohilo liko kwenye vituo vya mafuta. Tanzania, kupitia Ewura, na Kenya, kupitia Epra, hutangaza kila mwezi bei ya juu ya rejareja, na ndani yake kuna kiasi cha shilingi kwa lita kilichotengwa kwa ajili ya muuzaji. Ni gharama na nyongeza, isipokuwa nyongeza yenyewe haiwekwi kwa asilimia. Mwaka 2022 bei ya petroli Dar es Salaam ilipopita shilingi 3,000 kwa lita, mwenye kituo mwenye tangi la lita 20,000 alihitaji zaidi ya milioni 60 kulijaza. Bei ilipokuwa 2,000, milioni 40 zilitosha. Kiasi chake kwa lita hakipandi chenyewe kwa sababu tangi limekuwa ghali. Mpaka mdhibiti akirekebishe, faida kwa mtaji imekatwa na theluthi, ingawa faida kwa lita haijaguswa. Anayetazama faida kwa lita peke yake hataelewa kwa nini vituo vidogo hulalamika bei ikipanda.

Turudi Keko, kwenye majirani arobaini. Hesabu inasema 650,000, mtaa unasema 600,000. Kitanda cha mama huyu hakina kitu cha pekee, na mteja ana miguu. Hapa fomula inageuzwa kichwa chini: bei imeshatolewa, gharama inajulikana, kwa hiyo kinachotafutwa ni ukubwa wa mtaji unaostahimilika. Faida ya milioni 10 ni asilimia 25 ya milioni 40. Ana milioni 60 ndani. Lazima milioni 20 zitoke.

Mashine haziuziki vipande. Anabaki na rundo la mbao na vitanda vya maonyesho. Akinunua mninga uliokwishakauka kutoka kwa mwenye tanuri la kukaushia, mbao za milioni 16 zinashuka hadi za milioni 4. Akionyesha sampuli chache tu na kuchukua oda kwa malipo ya awali, vitanda vya dukani vya milioni 14 vinashuka hadi vya milioni 6. Milioni 20 zimepatikana. Ila mbao kavu ni ghali zaidi, tuseme zinaongeza 20,000 kwa kila kitanda. Gharama inakuwa 520,000, faida ya vitanda 100 inashuka hadi milioni 8, na juu ya mtaji wa milioni 40 hiyo ni asilimia 20. Hajafika 25, ila ametoka 16.7. Hapo pia tumechukulia kwamba wateja wote watakubali kungoja wiki mbili tatu, jambo ambalo mtu anayehamia nyumba mpya Jumamosi hawezi kulikubali. Akipoteza wanunuzi sita kwa sababu hiyo, faida aliyoipata kwa kuachia mtaji imekwenda yote. Kwa hiyo kitu cha kuhesabu kila mwezi ni idadi ya walioingia dukani wakatoka bila kununua.

Bado kuna zile milioni 20 zilizoachiliwa. Zikienda kwenye madawati kwa masharti ya shule zinazotanguliza pesa, zinatosha kubeba madawati mengine 1,000 kwa mwaka, mashine za ziada zikiwemo, na kwa bei ya 75,000 zinarudisha asilimia 25. Zabuni hizo zisipopatikana, anaweza kulipa mkopo wake wote wa milioni 20. Hapo ameokoa riba ya milioni 3.2 kwa mwaka, sawa na asilimia 16 ya pesa hiyo, na kwa hilo hahitaji kuuza kitanda hata kimoja cha ziada.